Jinsi ya kuitambua tableti isiyo na boksi: ukingo wa kioo, kamera na tundu la chaji mpaka sifa kamili

Kosa linalojirudia ni lile lile. Mtu anapata tableti ya mtumba, haina boksi wala risiti, anaipiga picha kwa mbele, anaitafuta picha hiyo mtandaoni, kisha anachukua jibu la kwanza linalofanana. Wiki mbili baadaye ameagiza kioo kisichoingia, au amegundua kwamba mfumo hausogei mbele tena.

Umbo la tableti halikupi jina kamili. Linakupa ukoo. Ndani ya ukoo huo zinaweza kuwamo modeli tatu zenye mwili mmoja, na kinachozitenganisha ni namba iliyoandikwa mgongoni. Lakini usiruke umbo ukaenda moja kwa moja kwenye namba, kwa sababu namba hufutika, mgongo hubadilishwa, na muuzaji anaweza kukutumia picha ya mgongo wa kifaa kingine. Umbo ndilo linalokuambia kama namba uliyopewa inawezekana.

Nitatumia zaidi iPad, maana ndizo zinazochanganya watu kuliko zote. Baadaye tutapita kwenye Samsung, kwenye tableti zisizo na jina, na kwenye Kindle.

## Vitu vya kuwa navyo

- Rula yenye milimita. Ukiikosa, kadi tatu za benki zinatosha; nitaeleza namna.
- Simu ya pili yenye kamera nzuri, kwa kukuza maandishi madogo.
- Tochi, hata ya simu.
- Kitambaa kikavu na laini.
- Kalamu na karatasi. Andika kila unachokiona kabla ya kuanza kutafuta, la sivyo utajikuta unaona kile ulichotarajia kukiona.

## Hatua ya 1: Vua kava lote, na uangalie kama kimefunguliwa

Kava huongeza milimita na huficha vitufe vya pembeni, kwa hiyo livue. Futa kioo na mgongo. Kisha ushike ukingo chini ya mwanga na uangalie mahali kioo kinapokutana na bodi. Gundi iliyovimba, mwanya upande mmoja au kona iliyobonyea ni dalili kwamba fundi ameshapita hapo.

Hili lina maana kubwa, kwa sababu kioo kilichobadilishwa kinaweza kuwa na rangi tofauti na cha kiwandani. Ukiona dalili hizo, rangi ya ukingo isihesabike tena kama ushahidi. Vipimo na tundu la chaji vinabaki kuaminika.

## Hatua ya 2: Soma tundu la chaji

Anza hapa kwa sababu ni vigumu kulidanganya. Mulika ndani kwa tochi.

Tundu pana la zaidi ya sentimita mbili. Ni la pini 30, la iPad za zamani: ya kwanza ya 2010, iPad 2 ya 2011 na iPad ya tatu ya mwanzoni mwa 2012. Usinunue kwa matumizi ya leo.

Tundu dogo lenye ncha za mviringo, ndani ni tupu. Hili ni Lightning. Pini zimo ukutani, katikati hakuna kitu.

Tundu la mviringo lenye ulimi mwembamba katikati. Hili ni USB-C. Ulimi huo ndio tofauti. Kwenye picha ya mbali Lightning na USB-C hufanana kabisa, na hapo ndipo wengi wanapoteleza. Mwombe muuzaji picha ya karibu, iliyomulikwa.

Tundu lenye upande mmoja mpana kuliko mwingine. Ni micro-USB, waya wake huingia kwa upande mmoja tu. Hakuna iPad yenye tundu hili. Ukiliona kwenye kitu chenye nembo ya tofaa mgongoni, umeshapata jibu lako: ni feki.

Umefaulu hatua hii kama unaweza kuandika jina la tundu bila neno "nadhani".

## Hatua ya 3: Tazama ukingo wa kioo

Ukingo ni ile fremu isiyowaka inayouzunguka mwanga wa kioo. Jiulize mambo mawili: je, ni sawa pande zote nne, na je, kuna kitufe cha duara chini?

Ukingo mnene juu na chini, mwembamba pembeni, pamoja na kitufe cha duara: hiyo ni iPad ya mtindo wa zamani, ulioendelea mpaka iPad ya kizazi cha 9 ya 2021. Ukingo ulio sawa pande zote, bila kitufe: ni iPad ya kizazi cha 10 ya 2022 na kuendelea, au Air kuanzia ile ya nne ya 2020, au Pro kuanzia 2018, au mini ya sita ya 2021.

Kitufe chenyewe nacho kina la kusema. Chenye kimraba kilichochorwa katikati hakisomi alama ya kidole. Chenye pete ya chuma bila kimraba kinasoma. Basi ukiona iPad ya Lightning yenye kimraba, iko 2012 hadi 2013 katika muundo wake, hata muuzaji aape vipi.

Rangi ya ukingo inasaidia mahali pamoja hasa. iPad za kizazi cha 7 na cha 8 za rangi ya fedha na ya dhahabu zina ukingo mweupe. Kizazi cha 9 kilikuja na ukingo mweusi tu, na rangi ya dhahabu iliondolewa. Kwa hiyo mgongo wa dhahabu hauwezi kuwa wa kizazi cha 9. Ukingo mweupe pia hauwezi, isipokuwa kioo kimebadilishwa, ndiyo maana tulianza na gundi.

## Hatua ya 4: Kamera ya mbele iko ukingo gani?

Shika tableti wima, kamera ya mbele iwe juu. Kama kamera imekaa ukingo mfupi, kifaa kilibuniwa kushikwa wima. Sasa ilaze. Kama kamera iko katikati ya ukingo mrefu, kilibuniwa kulala, kama cha kufanyia mikutano ya video.

Swali hili moja linatenganisha vifaa viwili vinavyouzwa kwa kuchanganywa kila siku. iPad ya kizazi cha 10 na Air ya nne au ya tano zote zina USB-C, zote hazina kitufe mbele, zote husoma kidole kwenye kitufe cha kuwashia. Ila ya kizazi cha 10 ina kamera ukingo mrefu, na Air hizo mbili zina kamera ukingo mfupi.

Jihadhari na Air za kuanzia 2024, ambazo kamera zao zimehamia ukingo mrefu pia. Hapo tafuta vidoti vitatu vya chuma vya kuunganishia kibodi. Kwenye Air viko mgongoni, karibu na chini. Kwenye iPad ya kizazi cha 10 viko ubavuni. Unene nao unasema: Air ya inchi 11 ni milimita 6.1, ya kizazi cha 10 ni 7.0.

## Hatua ya 5: Pima, kwa rula au kwa kadi

Pima mwili mzima, kava likiwa limevuliwa. Nachagua mwili na si kioo kwa sababu watu hawakubaliani mwanga wa kioo unaanzia wapi, lakini chuma kina mwisho wake.

Kwa iPad za kitufe zinazozunguka sana sokoni, vipimo ni hivi:

- 241.2 kwa karibu 186 mm: iPad 2, ya tatu na ya nne. Ni pana mno ubavuni.
- 240 kwa 169.5 mm: ukoo wa inchi 9.7, yaani Air ya kwanza, Air 2, Pro ya inchi 9.7, kizazi cha 5 na cha 6.
- 250.6 kwa 174.1 mm: ukoo wa inchi 10.2, yaani kizazi cha 7, cha 8 na cha 9. Air ya tatu na Pro ya inchi 10.5 zina vipimo hivi pia, ila ni nyembamba, 6.1 mm badala ya 7.5.

Huna rula? Kadi ya benki ina urefu wa milimita 85.6 popote duniani. Panga tatu kwa urefu, ncha kwa ncha, zinafika 256.8. Ziweke kando ya iPad, ncha moja ikilingana. iPad ya inchi 10.2 itapungukiwa na milimita kama 6. Ya inchi 9.7 itapungukiwa na karibu 17, upana wa kidole gumba. Macho yanaliona hilo bila shaka.

Ukiwa unanunua kwa mbali, mwombe muuzaji aweke kadi moja (upande usio na namba) kando ya tableti na apige picha kutoka juu kabisa, simu ikiwa sambamba na meza. Pima urefu wa iPad kwenye picha, gawanya kwa urefu wa kadi. Ukipata karibu 2.93 ni ya inchi 10.2 au 10.5; ukipata 2.80 ni ya 9.7. Picha iliyopigwa kwa mshazari itakudanganya, kwa hiyo ikipinda, omba nyingine.

Ndani ya ukoo wa 9.7 kuna njia ya kuendelea kuchuja. Swichi ndogo ya kuzima sauti juu ya vitufe vya sauti: Air ya kwanza. Haina swichi na ni nyembamba, 6.1 mm: Air 2, au Pro kama ina vidoti vitatu ubavuni na tochi ya kamera mgongoni. Haina swichi na ina 7.5 mm: kizazi cha 5 au cha 6. Hizo mbili za mwisho hazitofautiki kwa macho. Usipoteze muda, nenda hatua inayofuata.

## Hatua ya 6: Soma namba ya mgongoni

Sasa ndipo namba inapofanya kazi yake. Geuza iPad, mulika kwa mshazari sehemu ya chini ya mgongo, na upige picha kwa simu ya pili kisha uikuze. Unatafuta herufi A ikifuatwa na tarakimu nne.

Kwa koo mbili tulizozichuja:

- A1822 au A1823: kizazi cha 5
- A1893 au A1954: kizazi cha 6
- A2197, A2198 au A2200: kizazi cha 7
- A2270, A2428, A2429 au A2430: kizazi cha 8
- A2602, A2603, A2604 au A2605: kizazi cha 9

Kama inawaka, usiishie mgongoni. Ingia `Settings > General > About`, gusa mstari wa `Model Number`, na namba ya A itajitokeza. Namba ya ndani na ya mgongoni zikitofautiana, mgongo umetoka kwenye kifaa kingine, na ya kuaminiwa ni ya ndani.

Umefaulu pale vitu vitatu vinapokubaliana: umbo, namba ya mgongoni na namba ya kwenye skrini. Viwili vikikubaliana na kimoja kikakataa, usimlipe mtu kwanza.

## Hatua ya 7: Kutoka namba kwenda sifa

Andika namba kamili kwenye kitafutio, mfano `A2270 specs`. Kurasa za Apple zitakupa chipu, kioo, kamera na ujazo. RAM ya iPad hizi hutaiona hapo kwa sababu Apple haikuitangaza, iangalie GSMArena.

Kwa ukoo wa 10.2, kinachotofautisha ni haya. Kizazi cha 7 kina chipu ya A10, ujazo wa 32 au 128 GB, na kinaishia iPadOS 18. Cha 8 kina chipu ya A12, ujazo ule ule, na kinapokea iPadOS 26. Cha 9 kina chipu ya A13, ujazo wa 64 au 256 GB, na kamera ya mbele ya megapikseli 12 badala ya 1.2. Zote tatu zina RAM ya 3 GB.

Ona jinsi ujazo wenyewe unavyokuwa ushahidi. Hakuna kizazi cha 9 chenye 32 GB, na hakuna cha 7 wala cha 8 chenye 64.

## Mfano mmoja mwanzo mpaka mwisho

Mpwa wangu alitaka iPad ya kusomea chuo. Akaniletea tangazo: "iPad 9, GB 64, safi kabisa", na picha mbili. Ya mbele ilionyesha ukingo mweupe na kitufe cha duara chenye pete. Ya nyuma ilikuwa ya dhahabu, lakini maandishi ya chini yamefunikwa na kidole.

Nikamwambia, "Mwanangu, dhahabu tu inatosha kukataa kizazi cha 9." Lakini kukataa hakutoshi, tulitaka kujua ni ipi hasa, maana kama ni ya 8 na bei inashuka bado ni kifaa kizuri.

Tukaomba picha tatu: tundu la chaji kwa karibu, tableti na kadi kutoka juu, na mgongo bila kidole. Tundu lilikuwa tupu katikati, Lightning. Kwenye picha ya kadi nilipima iPad milimita 123 na kadi milimita 42. 123 gawanya kwa 42 ni 2.93. Basi ni mwili wa inchi 10.2 au 10.5, na kama ni 10.2 imebaki ya 7 au ya 8. Mgongoni kulikuwa na A2197.

Kizazi cha 7, cha 2019. Tukamwomba muuzaji picha ya `About`: namba ile ile, na ujazo 32 GB. Si kizazi alichotangaza wala si ujazo alioutangaza. Mpwa wangu hakuichukua, kwa sababu kozi yake ni ya miaka mitatu na mfumo wa kifaa hicho hausogei tena.

## Samsung na tableti zisizo na jina

Kwa Samsung utaratibu ni ule ule, ila namba huanza na `SM-`, maandishi madogo sana mgongoni. Mfano wa kujifunzia ni Galaxy Tab A7 ya inchi 10.4 na Tab A8 ya inchi 10.5. Zote zina USB-C na kamera ya mbele katikati ya ukingo mrefu. Rula ndiyo inayoamua: A7 ina upana wa 157.4 mm, A8 ina 161.9. Kisha namba: `SM-T500` ni A7 ya Wi-Fi pekee na `SM-T505` ni ya laini, `SM-X200` ni A8 ya Wi-Fi na `SM-X205` ya laini. Ukiagiza kioo, andika namba nzima, si jina la tableti.

Tableti zisizo na jina ni suala jingine. Zipo zinazoandika kwenye mipangilio yao RAM na ujazo ambao hazina. Tundu la micro-USB kwenye kifaa kinachodaiwa kuwa cha juzi na chenye RAM 12 GB ni sababu ya kutosha kupima. Ingia mipangilio, gusa `Build number` mara saba, washa `USB debugging`, unganisha na kompyuta yenye adb, programu ya kuiamuru Android kupitia waya, kisha:

```
adb shell cat /proc/meminfo
adb shell df -h /data
adb shell wm size
```

Amri ya kwanza inaonyesha RAM, ya pili ujazo, ya tatu ukubwa wa skrini kwa pikseli. Kwa RAM, soma mstari wa `MemTotal`. Ukiona chini kidogo ya 2000000 kB, RAM ni 2 GB hata mipangilio iseme 12. Namba hizi ni ngumu kughushi kuliko maandishi ya kwenye mipangilio, lakini si kwamba haziwezekani. Kwa ujazo, kipimo cha mwisho ni kuijaza mafaili ya video na kuyafungua tena yote. Yale yaliyopita mpaka wa kweli hayatacheza.

## Kindle

Kindle hizi za kusomea vitabu hazina kamera, kwa hiyo unabaki na ukingo na tundu. Pitisha ukucha kutoka ukingoni kuelekea kwenye kioo. Ukikwama kwenye ngazi ndogo, kioo kimezama. Ukiteleza bila kukwama, kioo ni bapa.

Kilichozama chenye micro-USB: Kindle ya kawaida mpaka ya 2019, au Paperwhite tatu za mwanzo. Kilichozama chenye USB-C: Kindle ya kawaida ya 2022 au ya 2024. Bapa chenye micro-USB na kioo cha inchi 6: Paperwhite ya 2018 au Voyage ya 2014. Bapa chenye USB-C: Paperwhite ya 2021 kama kioo ni inchi 6.8, sawa na sentimita 17.3 kona kwa kona, au ya 2024 kama ni inchi 7, sentimita 17.8, na kioo si cha rangi. Yenye vitufe vya kufungulia kurasa pembeni, bapa na micro-USB, ni Oasis; hakuna Oasis iliyowahi kutoka na USB-C.

Thibitisha kwa kuingia `Settings > Device Options > Device Info`.

## Kabla ya kulipa

Utambuzi wote huu haukuambii kama kifaa kimefungwa. iPad inayodai nenosiri la akaunti ya mwenyewe wa kwanza ni ile ile modeli, yenye sifa zile zile, na haitumiki. Mwambie muuzaji aifute mbele yako kupitia `Settings > General > Transfer or Reset iPad`, kisha subiri mpaka ifike kwenye skrini ya kuanzia na uiunganishe na intaneti. Ikikubali kuendelea bila kuuliza akaunti ya mtu, toa pesa.